Hatua 180 Si Amri

Ukipita uwanjani saa kumi na moja jioni utamsikia kiongozi wa kikundi chetu cha jogingi akipiga makofi na kupaza sauti, "Mia themanini! Mia themanini!" Maana yake ni kwamba kila mtu, awe mwaka wa kwanza au wa nne, mrefu au mfupi, apige hatua 180 kwa dakika. Asiyefika anaambiwa anakimbia vibaya. Mimi nimenyamaza muhula mzima, lakini mwenzangu wa chumbani alipolala siku nne akishindwa kushuka ngazi za hosteli, nikaona sasa basi, niandike.

Kwanza tuulizane hiyo 180 imetoka wapi. Haikuteremka kutoka mbinguni. Mwaka 1984, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, kocha Mmarekani anayeitwa Jack Daniels alikaa akihesabu hatua za wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu. Karibu wote walikuwa na hatua 180 kwa dakika au zaidi. Hesabu yake haina kosa lolote. Tatizo ni sisi tuliokuja kuitumia. Wale walikuwa wakimbiaji bora duniani, wako kwenye mashindano, wanakimbia kasi ambayo mimi na wewe tungeiweza labda kwa mita mia tatu hivi kisha tukalala chini.

Na hatua huongezeka mtu anapoongeza kasi. Hili huhitaji profesa akuambie. Jihesabu mwenyewe ukikimbia polepole, halafu jihesabu ukikimbia kwa nguvu mzunguko mmoja wa uwanja. Mimi nikiwa kwenye mwendo wa kupiga soga napata 162, na nikikaza mzunguko mmoja wa mita 400 napata 182. Mwili ni uleule, viatu ni vilevile. Sasa kumwambia mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika saba apige hatua za mtu wa Olimpiki ni kumvalisha koti la kaka yake.

Hapo ningeweza kuishia, niseme achaneni na kuhesabu. Lakini nitakuwa mwongo, kwa sababu ndani ya kelele za 180 kuna jambo la kweli, na mwenzangu alikuwa analihitaji hasa.

Yeye alianza kuumwa goti, sehemu ya mbele, hasa akishuka mteremko. Ni mtu mrefu na hatua zake ni ndefu kweli. Ukimtazama kwa pembeni unaona kisigino kinatua mbele sana ya mwili, goti likiwa karibu limenyooka. Mguu ukitua hivyo unafanya kazi ya breki kila hatua, na anayeilipia breki hiyo ni goti. Mtu akikimbia kasi ileile kwa hatua fupi kidogo na nyingi kidogo, mguu unatua karibu zaidi na mwili, goti limekunjika kidogo, na mzigo unapungua. Mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima jambo hilo kwa wakimbiaji 45 wa kawaida, watu wa jogingi kama sisi. Kasi haikubadilishwa, hatua tu ziliongezwa. Kwa nyongeza ya asilimia 5 pekee, kazi ya goti ya kuupokea mshtuko ilipungua kwa karibu moja ya tano. Tukumbuke kwamba hao walikuwa wazima, na walikimbia kwenye mashine kwa muda mfupi. Kwa hiyo hicho si cheti cha tiba. Lakini kinatosha kumfanya mtu mwenye goti linalolalamika ajaribu.

Ona basi kwamba nyongeza iliyopimwa ilihesabiwa kutoka kwenye hatua za mtu mwenyewe, haikuwa namba moja ya watu wote. Hapo ndipo kikundi chetu kilipomkosea mwenzangu. Alikuwa na hatua 156. Akaambiwa 180, akaenda 180 siku hiyohiyo. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 15. Kwa kasi yake ya dakika saba kwa kilomita, alikuwa anatua mara 1,092 kila kilomita, ghafla akaanza kutua mara 1,260. Kwenye kilomita tano ni mitupo 840 ya ziada, na kwa kuwa alidhani hatua fupi maana yake ni kukimbia kwa vidole, yote hiyo ilipokewa na vigimbi na kano za kisigino. Goti likanyamaza, ni kweli. Siku ya tisa kigimbi cha kulia kikakaza kama jiwe. Na nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, ambayo alikuwa ameshailipia kwa hela ya bumu, zilikuwa zimebaki wiki kumi na moja.

Tulikaa chumbani tukapanga upya. Wiki mbili za mwanzo hakukimbia, alitembea tu, hadi alipoweza kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino mara ishirini bila maumivu. Halafu wiki nzima ikawa ya kuhesabu bila kubadili kitu. Kuhesabu ni rahisi. Ukishakimbia dakika kumi hivi na mwili umetulia, hesabu mguu wa kulia unapogusa chini kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Yeye alipata 39, yaani 156. Alirudia siku tatu tofauti, kwa sababu siku ya kwanza mtu akijua anahesabiwa huwa anajionyesha.

Asilimia 5 ya 156 ni karibu 8, kwa hiyo shabaha ikawa 164. Na hapa nataka msomaji aone ukubwa halisi wa badiliko. Kwa hatua 156, kila hatua yake ilikuwa na urefu wa sentimita 91 na nusu hivi. Kwa hatua 164, kwa kasi ileile, inakuwa sentimita 87. Tofauti ni sentimita nne na nusu! Mtu anayekutazama hawezi hata kuiona. Ile 180 ilikuwa inamdai apunguze sentimita 12 kila hatua, kwa usiku mmoja.

Hatukuanza hata na 164. Tulianza na 160, kwa metronomu ya bure ya kwenye simu. Kuna mbinu ndogo: usiiweke kwenye 160, iweke kwenye 80, kila mlio uwe wa mguu wa kulia tu. Mlio wa kila hatua unachanganya kichwa. Muziki pia unafaa, ila uchague vizuri. Singeli, kwa mapenzi yangu yote, inapiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Ukiifuata utafika hospitali kabla ya Moshi.

Katika kila dakika tano za kukimbia, dakika moja alifuata mlio, nne alikimbia anavyojua. Kwa mbio ya dakika 25 hiyo ni dakika tano tu za hatua mpya, mara tatu kwa wiki. Wiki iliyofuata zikawa dakika mbili kati ya tano, kisha tatu. Kipimo chetu cha kusonga mbele kilikuwa hiki: anazima mlio, anakimbia dakika nne akiwaza mambo mengine, ndipo anajihesabu. Akirudi 156, mwili bado haujajifunza, anabaki palepale. Akipata 159 au 160, tunapanda kwenda 164. Vigimbi vikiuma kidogo jioni na asubuhi vimepoa, anaendelea. Vikiamka vimekakamaa siku mbili mfululizo, anarudi hatua moja nyuma. Mteremko aliuacha hadi mwisho, maana huko ndiko breki inakuwa kubwa zaidi na ni vigumu kujifunza kitu kipya ukiwa unavutwa chini.

Kosa lililotusumbua zaidi sikulitegemea. Wiki ya kwanza alirudi akihema, anasema hatua nyingi zinachosha. Nikatazama saa yake: alikuwa amekimbia dakika 6 na sekunde 45 kwa kilomita. Hakuwa amefupisha hatua hata kidogo, alikuwa ameziongeza zikiwa na urefu uleule, kwa hiyo alikuwa anakimbia mbio zaidi bila kujua. Mzigo wa goti haupungui hivyo. Kama huna saa, tumia mzunguko uleule uliouzoea: ukimaliza mapema kuliko kawaida, umeongeza kasi. Nilimwambia asikilize pia sauti ya miguu. Hatua ikifupishwa sawasawa, viatu vinapunguza kelele. Na kisigino kiruhusiwe kugusa chini, hakina dhambi.

Wiki tatu kabla ya Moshi, bila mlio wowote, alikuwa anahesabika 163. Goti lilikuwa linauma mara moja moja, mwisho wa mbio ndefu tu. Alimaliza zile kilomita 21, taratibu, na kesho yake alishuka ngazi kama watu wengine.

Je, alipata kasi? Hapana, na hakuna aliyemwahidi. Tangu mwaka 1982 Cavanagh na Williams walishaonyesha kwamba wakimbiaji wazoefu, wakiachwa wenyewe, huchagua urefu wa hatua ulio karibu sana na ule unaotumia oksijeni kidogo zaidi. Mwili una hesabu zake. Ndiyo maana sioni sababu ya mtu asiye na maumivu, anayetua vizuri, kuhangaika na namba hizi. Anayeumwa goti na ana hatua ndefu, ajaribu asilimia 5. Mwenye historia ya kuumwa kigimbi au kano ya kisigino afikirie mara mbili, maana anaweza kuhamisha tatizo badala ya kuliondoa. Na mwenye maumivu kwenye mfupa wa muundi, sehemu moja inayouma hata ukiibonyeza kwa kidole, hilo si suala la hatua. Aache kukimbia, aende akapimwe.

Ombi langu kwa kiongozi wetu, ambaye namheshimu kwa kutuamsha sote, ni dogo. Jumanne ijayo, kabla ya makofi kuanza, atupe dakika kumi kila mtu ajihesabu na kuandika namba yake kwenye karatasi. Mimi nitakuja na kalamu.