Kisangani: kaye ya mama wa soko ianze na siku ambayo hakuuza

Ukimuuliza muuzaji wa soko kuu la Kisangani ameuza ngapi leo, mara nyingi anahesabu pesa iliyo mkononi. Hapo hesabu inaharibika. Asubuhi alikuja na pesa ya kurudishia wateja, na mchana ametoa nyingine kununua bidhaa na chakula.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mchele na maharagi. Asubuhi alikuwa na franka 20.000. Jioni anakuta 61.000, lakini mchana alitoa 15.000 ya kununua chumvi ya kuuza, na 4.000 ya chakula cha watoto. Ajumlishe 61.000, 15.000 na 4.000, kisha atoe zile 20.000 za asubuhi. Ameuza 60.000, si 41.000. Aandike tarehe na hiyo 60.000 tu, inatosha. Aliyekopa aandikwe pembeni siku anapochukua mchele, na deni hilo liongezwe kwenye mauzo ya siku hiyo; siku akilipa, pesa hiyo itolewe kwenye hesabu, isihesabiwe tena kama mauzo mapya.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka kwamba mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayapiti franka milioni 10 analipa 50.000 kwa mwaka. Kwa sheria hiyo ya 2013, aliyepita hapo mpaka milioni 80, kama ni muuza bidhaa, alitakiwa kulipa asilimia 1 ya mauzo yote, hata kama faida ni ndogo. Kiwango cha mwaka wenyewe kiulizwe DGI kabla ya kujaza karatasi.

Sasa, asiyekuwa na kaye anakadiriwa. Mtu wa kodi akikuta siku nzuri ya 60.000, akaizidisha kwa siku 26 na miezi 12, anapata 18.720.000, na kwa viwango hivyo vya 2013 kodi inakuwa 187.200. Lakini mama huyo alikuwa na siku za mvua, siku za ugonjwa, na siku soko lilifungwa kwa ajili ya usalama. Kama jumla yake ya kweli ni 9.400.000, kwa viwango hivyo hivyo anadaiwa 50.000. Tofauti ni franka 137.200, karibu mauzo ya siku mbili nzuri na zaidi.

Ndiyo maana siku ya bure iandikwe sifuri. Wengi wanairuka, na ukurasa wenye mapengo hauaminiki: hakuna anayejua kama hakuuza au alisahau.

Familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola, ambazo zimeanza biashara katikati ya mwaka, ziandike tarehe ya kwanza ya kuuza, ili zisihesabiwe miezi 12. Jumla ya kila mwezi iandikwe pia kwenye karatasi ya pili, ikae kwa ndugu, kwa sababu kaye moja inapotea kirahisi mtu akikimbia.

Tiketi ya kila siku ya soko ichungwe, lakini ni malipo mengine, haipunguzi mauzo. Na wanaofundisha jambo hili waende penye meza za biashara, kwa Kiswahili na Lingala. Mama hawezi kuacha maharagi yake saa tatu ili asikilize Kifaransa katika sali.