Usimpigie kwanza aliyepokea

Jirani yangu mmoja, mama anayefanya biashara mpakani Nadapal, alimtumia mwenye duka wa Lodwar shilingi 4,500 za Kenya. Akakosea tarakimu moja. Akampigia aliyepokea kumsihi. Yule akazitoa pesa kwa wakala, kisha akazima simu.

Alianzia pabaya. Mimi niliyesomea ukimbizini Kakuma nimezoea kusihi, lakini hapa kusihi ni kumwamsha mwizi. Kwa M-Pesa ya Kenya, tuma papo hapo ujumbe wote wa uthibitisho, na namba yake ya muamala, kwenda 456. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, kampuni huweza kuzizuia na kuzirudisha. Zikishatolewa haina cha kurudisha. Utabaki na polisi.