Leteni Risiti za Mafunzo Hayo

Mwajiri anayemdai kijana mamilioni ya shilingi kwa sababu ameacha kazi, akisema "tulimsomesha", aulizwe maswali yanayoulizwa mdai yeyote. Kozi ilifanyika wapi? Nani alifundisha? Nani alilipwa, kiasi gani, na risiti iko wapi? Madai ya namna hii yamezoeleka mno katika ajira zetu binafsi, na mengi hayawezi kujibu hata swali la kwanza.

Nina mkataba mmoja mbele yangu. Ni wa binti aliyeajiriwa kuwa afisa mikopo katika kampuni ndogo ya fedha hapa Tanzania, kwa mshahara wa Sh 550,000 kwa mwezi. Mkataba una kurasa kumi na moja. Kwenye ukurasa wa tisa, katikati ya maelezo ya sare na maelezo ya kutunza siri za ofisi, imechomekwa sentensi moja: mwajiriwa akiacha kazi kabla ya kutimiza miezi 24, atairudishia kampuni Sh 5,000,000 zikiwa ni gharama za mafunzo. Basi. Kozi haikutajwa, chuo hakikutajwa, mchanganuo wa hizo milioni tano haupo. Binti alisaini asubuhi ya siku ya kwanza kazini, amesimama kaunta, kalamu ameazimwa na mlinzi.

Mafunzo yenyewe yalichukua siku tano. Yalifanyika kwenye chumba cha mikutano cha kampuni hiyohiyo, na mwalimu alikuwa meneja wa tawi, ambaye analipwa mshahara wake wa kila mwezi afundishe asifundishe. Alichofundishwa binti ni jinsi ya kujaza fomu za mkopo za kampuni, jinsi ya kuingiza marejesho kwenye mfumo wa kampuni, na utaratibu wa kampuni wa kumfuatilia mkopaji anayechelewa. Hakuna cheti kilichotolewa. Ujuzi huo nje ya mlango wa kampuni hauna soko, kwa sababu kila taasisi ina fomu zake na mfumo wake.

Tuyahesabu basi hayo mafunzo. Chakula cha mchana Sh 8,000 kwa siku, siku tano, ni Sh 40,000. Makaratasi yaliyochapwa na daftari, tuseme Sh 15,000. Jumla Sh 55,000. Nimekuwa mkarimu, maana nimekubali kuhesabu hata wali wa mchana.

Baada ya miezi 19 binti akapata kazi bora zaidi. Akaandika barua, akatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka, akakabidhi mafaili. Siku ya mwisho akaambiwa mshahara wake umezuiwa, malipo ya likizo yake yamezuiwa, cheti chake cha utumishi kimezuiwa, na bado anadaiwa. Mtu aliyefanya kazi miezi 19 kati ya 24 anadaiwa milioni tano nzima, sawasawa na ambaye angeondoka wiki ya pili. Ni zaidi ya mshahara wa miezi tisa. Hata tungekubali kwamba gharama ya Sh 55,000 inarudishwa, sehemu ya miezi mitano iliyobaki ni kama Sh 11,500 tu. Kampuni inadai milioni tano.

Pesa hizo hazihusiani na mafunzo. Ni faini ya kuondoka, na kazi yake ni kumfanya mtu aogope. Afisa mikopo anayejua kwamba akiondoka atadaiwa mamilioni hawezi kuomba nyongeza kwa sauti ya mtu huru. Atavumilia kufanya kazi Jumapili, atavumilia matusi ya bosi, atavumilia mshahara unaoingia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mwajiri amejinunulia utii kwa bei ya karatasi moja, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko hesabu zote: hofu ya vijana wetu imegeuzwa kuwa njia ya kupunguza gharama za mishahara.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imelizungumzia jambo hili tangu zamani. Kifungu cha 74 kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Milioni tano iliyoandikwa ni dari tu. Chini ya dari hiyo kuna swali la fidia ipi ni ya haki, na haki hiyo haipimwi kwa ukubwa wa tarakimu ambayo mwajiri alijichagulia mwenyewe akiandaa mkataba. Anayesema "lakini alisaini" hajalijibu swali hilo.

Kuhusu mshahara uliozuiwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri mkasi wa kukata anavyotaka. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Na pale mwajiri anapotaka kukata ili kufidia hasara, sheria inamtaka aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna alivyokipata, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, asidai kuliko hasara halisi, wala asikate zaidi ya robo ya mshahara. Mshahara wote kubaki kwenye droo ya mhasibu siku ya kuondoka hauingii popote katika maelezo hayo. Cheti cha utumishi nacho ni haki ya kila anayemaliza ajira, hata yule ambaye kweli anadaiwa. Si rehani.

Sasa nisieleweke kwamba kila bondi ya mafunzo ni dhuluma. Kuna bondi ninayoitetea kwa moyo wote, na mwenye karakana au hospitali ndogo aliyeumizwa na mfanyakazi asiye mwaminifu ana haki ya kusikilizwa.

Chukua fundi wa mashine za hospitali. Mwajiri wake anampeleka nje ya nchi kwa wiki sita akasomee matengenezo ya mashine za picha za mwili. Ada, nauli na malazi vinafika Sh 18,000,000, vyote vina risiti. Fundi anarudi na cheti chenye jina lake, kinachotambuliwa na hospitali nyingine yoyote. Thamani yake sokoni imepanda, na aliyeipandisha ni mwajiri. Akirudi Ijumaa na kuhamia kwa mshindani Jumatatu, mwajiri ametoboka mfuko kwa faida ya jirani. Huyo akisema "nirudishie", anasema kweli.

Lakini angalia namna bondi yake inavyopaswa kuandikwa. Kabla ya safari, fundi anapewa makubaliano ya peke yake, yenye jina la kozi, kiasi cha juu cha gharama na muda wa kutumikia, na anapewa siku kadhaa za kuyasoma nyumbani. Tuseme muda ni miezi 24. Milioni 18 zikigawanywa kwa 24, kila mwezi anaofanya kazi unafuta Sh 750,000. Akiondoka baada ya miezi 15, miezi tisa imebaki, naye anadaiwa Sh 6,750,000. Mwezi wa 24 ukiisha, deni ni sifuri. Mwajiri hapotezi, kwa sababu kwa miezi 15 mashine zake zimetengenezwa na mtu aliyesomea. Na deni hilo lilipwe kwa awamu anazozimudu mtu, au lilipwe na mwajiri mpya anayemtaka fundi huyo kwa hamu.

Tofauti ya fundi na afisa mikopo inaonekana kwa macho. Mmoja alipata kitu anachoondoka nacho, gharama yake imethibitishwa, na deni lake linayeyuka kadiri anavyotumikia. Mwingine alielekezwa kazi. Kumwelekeza mtu mpya kazi yako ni gharama ya kuendesha biashara, kama kodi ya pango na umeme. Umoja wa Ulaya uliliweka wazi hili katika Maelekezo yake ya mwaka 2019 kuhusu masharti ya kazi: mafunzo ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuyatoa ili kazi ifanyike, mfanyakazi hayalipii, na saa zake zinahesabiwa kuwa saa za kazi. Mafunzo ya usalama kazini, kwa mfano, kumtoza mlinzi au mfanyakazi wa kiwandani ni aibu tupu.

Kuna mchezo mwingine unaofanywa na ambao hausemwi vya kutosha. Mwajiri anajumlisha mshahara wa mfanyakazi wa siku za mafunzo ndani ya "gharama". Kama siku hizo asubuhi alikuwa darasani na mchana anahudumia wateja, anamdai arudishe mshahara alioutolea jasho. Wengine wanaongeza "muda wa meneja" kwa kiwango walichokibuni wenyewe. Mkiona mchanganuo wenye namba za duara tupu, milioni moja hapa, milioni mbili pale, bila jina la aliyelipwa, jueni umepikwa baada ya barua ya kuacha kazi kufika.

Tena iulizwe: ni nani aliyevunja ajira? Kampuni ikipunguza wafanyakazi, ikamwondoa kijana mwezi wa nane, halafu ikamdai gharama za mafunzo, inataka kula pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeondoka kwa sababu hajalipwa mshahara miezi miwili. Bondi ya haki inaandika wazi kwamba deni linamhusu anayeondoka kwa hiari yake, au anayefukuzwa kwa kosa kubwa lililothibitishwa, na hakuna mwingine.

Aliyeandikiwa barua ya madai asikimbie, wala asiende kukopa kwa riba ili "ajisafishe". Ajibu kwa maandishi: anaomba mchanganuo, risiti, jina la aliyelipwa, na hesabu ya miezi aliyokwisha kutumikia. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au picha ya ujumbe aliotuma. Kama kuna sehemu anayoikubali kuwa ni deni la kweli, aitaje na apendekeze awamu. Mshahara na cheti vikiendelea kuzuiwa, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko muda ni mfupi: kwa mgogoro wa madai kama haya ni siku 60 tangu ulipozuka. Binti wa milioni tano alitumia wiki tano za kwanza akimpigia simu afisa utumishi, ambaye kila mara alimwambia faili liko kwa mkurugenzi. Wiki ya sita akaacha kupiga simu, akajaza fomu ya Tume.