Ruta mpya haiponyi uzi uliovunjika

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Umoja alitumia shilingi 4,000 kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mtandao ulikuwa umemkatikia kwa siku tatu, na mwanawe alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma. Alinikuta ngazini akiwa amekumbatia kasha jipya. "Mzee," akaniambia, "modemu ilikufa, nimenunua nyingine."

Ndani ya kasha hilo hamkuwa na modemu, bali ruta. Isitoshe, kifaa kilichokuwa nyumbani mwake hakikuwa modemu, wala hakikuwa kimekufa. Simlaumu hata kidogo. Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kayole hadi Buruburu, kila kisanduku chenye taa huitwa modemu, ruta au waifai, kwa kadiri ulimi utakavyoangukia. Laiti kosa hilo lingekuwa la maneno tu! Aghalabu huishia mfukoni.

Tuanze na hiyo modemu, kwa kuwa ndiyo kongwe. Zamani mtandao ulipopita katika waya wa simu ya mezani, waya huo ulikuwa umetengenezwa ili kubeba sauti. Modemu ilizigeuza alama za kompyuta kuwa milio, na modemu ya upande wa pili ikairudisha milio hiyo kuwa alama. Hata kwa kasi yake ya juu kabisa, kilobiti 56 kwa sekunde, picha moja ya simu ya leo yenye megabaiti 5 ingechukua takriban dakika 12 kufika. Baadaye wengi wetu tulilijua neno hilo kupitia kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye laini ya simu ndani yake. Hicho nacho ni modemu kwelikweli, maana hugeuza alama za kompyuta kuwa mawimbi ya redio yanayofika kwenye mnara wa simu.

Lakini jirani yangu hatumii waya wa simu wala mnara. Yeye ameunganishwa kwa faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga. Uzi huo hutoka kwenye kisanduku cha ngazini, ukapenya juu ya mlango wake, ukaishia kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita ONT. Kazi ya ONT ni kuupokea mwanga na kuugeuza kuwa alama za umeme ambazo vyombo vya nyumbani huzielewa, kisha kuzigeuza kuwa mwanga zile zinazotoka. Kazi hiyo ni binamu ya ile ya modemu, ila njia ni tofauti. Ndiyo maana hakuna modemu ya dukani itakayoweza kukaa mahali pake. Hata ONT nyingine haitafanya kazi hadi kampuni iisajili kwenye mitambo yake.

Ruta nayo haijishughulishi na mwanga wala milio. Ifananishe na keateka wa ploti. Barua zote huja kwa anwani moja ya langoni, naye ndiye ajuaye ipi ni ya mlango upi. Ruta hukipa kila chombo cha nyumbani anwani yake ya ndani, kwa mfano 192.168.1.5, kisha huhakikisha kwamba video aliyoiomba mtoto haiendi kwenye simu ya mama.

Cha mwisho ni akses pointi. Hiki ni kituo cha redio, basi. Huchukua kilicholetwa na waya na kukirusha hewani ili simu zikipate bila waya, na simu zinapojibu hurudisha majibu hayo kwenye waya. Hakigawi anwani, wala hakijui chochote kuhusu kioo.

Mkanganyiko wetu unatokana na jambo moja: katika nyumba nyingi za faiba, ONT, ruta na akses pointi vyote vitatu vimefungiwa katika kisanduku kimoja. Mwenye nyumba huona kitu kimoja, na mtandao ukipotea hudhani kitu hicho kimoja ndicho kibovu. Taa zake, hata hivyo, husema ni kiungo kipi kinachoumwa.

Niliingia kwa jirani yangu tukazitazama. Simu yake ilionyesha alama ya waifai iliyojaa, na ilikuwa imepewa anwani. Kwa hiyo akses pointi ilikuwa hai, na ruta ilikuwa hai. Lakini taa iliyoandikwa LOS ilikuwa nyekundu, ikimetameta. Maana ya taa hiyo ni moja: mwanga haufiki. Tukabisha hodi kwa nyumba ya pili, ya kampuni ileile, tukakuta mtandao upo. Basi hitilafu haikuwa barabarani, bali kati ya kisanduku cha ngazini na sebule yake.

Tulipoufuata uzi tulifika kwenye fremu ya mlango, ambapo seremala alikuwa amepigilia ubao mpya juma lile. Uzi ulikuwa umekunjwa kama kiwiko chini ya ubao huo. Kioo kikikunjwa hivyo, mwanga huvuja nje badala ya kuendelea mbele, na mara nyingine kioo chenyewe hupasuka. Fundi wa kampuni alipokuja alivuta uzi mpya na kuupitisha kwa mpindo mpana. Taa nyekundu ikazimika, ile ya PON ikatulia kwa rangi ya kijani, na mtandao ukarudi. Ruta mpya ilikuwa bado kashani.

Kama LOS ingekuwa imezimika na PON imetulia, ilhali hakuna ukurasa unaofunguka, ningemwuliza kwanza kama amelipia mwezi, kisha ningeishuku ruta. Na kama mtandao ungekuwa mzuri sebuleni lakini hafifu chumbani, ningeishuku redio.

Nasema hivyo kwa sababu ugonjwa huo wa pili pia ulikuwepo. Chumba cha mwanawe kiko nyuma ya kuta mbili za mawe, na mawimbi ya waifai hufika huko yakiwa yamechoka. Hapo ndipo ruta ile ilipopata kazi. Tulivuta waya kutoka kwenye kisanduku cha sebuleni hadi chumbani, tukaunganisha ruta mpya, na katika mipangilio yake tukachagua Access Point. Tangu hapo imeacha kugawa anwani na imebaki kurusha mawimbi tu. Bila hatua hiyo zingeweza kuwa ruta mbili katika nyumba moja, kila moja ikigawa anwani zake, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hata hivyo, si kila mtu atakuwa na bahati ya chumba cha pili cha kuokolea shilingi zake. Kwa maoni yangu, fundi anayeleta faiba nyumbani asiondoke kabla ya kubandika karatasi kwenye kisanduku, kwa Kiswahili, ieleze kwamba hiki ni ONT, ruta na akses pointi kwa pamoja, na kwamba LOS nyekundu maana yake ni kuita kampuni, si kwenda dukani. Karatasi hiyo ingegharimu senti chache. Nao wenye ploti wamwonyeshe seremala uzi ulipopita kabla hajainua nyundo.