Sarafu Isiyomlazimu Mtu

Siku hizi neno hili limo vinywani mwa watu wengi: kwa kuwa Kenya ilitunga sheria ya sarafu za kidijitali mwaka 2025, basi bitkoini imekuwa sawa na shilingi, na mfanyabiashara anayeikataa ni mtu aliyeachwa nyuma na wakati. Neno hili lina nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli ni ya hatari kuliko uongo mtupu, maana uongo hutambulikana upesi. Mimi nalipinga, nawe msomaji uzipime sababu zangu.

Sheria ile ya 2025 huwasimamia watoaji wa huduma, yaani wale wanaobadilisha sarafu hizo kwa fedha, na wale wanaozitunza kwa niaba ya wengine. Hao hutakiwa wawe na leseni. Lakini haikuifanya bitkoini kuwa fedha halali ya malipo. Benki Kuu ya Kenya ilitangaza Desemba 2015 kwamba bitkoini si fedha ya namna hiyo, na sheria mpya haikuligeuza jambo hilo.

Tofauti yake ni hii. Ukidaiwa shilingi, ukamtolea mdai wako noti za Benki Kuu, hawezi kuzikataa kisha akakushitaki kwamba hukulipa. Ukimtolea bitkoini, aweza kukataa, na deni lako likabaki pale pale. Kwa hiyo mwenye duka anayepokea bitkoini havunji sheria. Lakini amepokea kitu ambacho hakuna mtu mwingine anayelazimika kukipokea kutoka kwake. Kuruhusiwa ni jambo moja, na kulazimu ni jambo jingine.

Tena, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya husema kwamba mauzo ni kutoa bidhaa kwa bei, na bei ni fedha. Ukipatana na mteja kwamba atakupa kipande fulani cha bitkoini kwa kitanda, bila kutaja shilingi, wakili wake aweza kudai mahakamani kwamba hapakuwa na bei, bali mabadilishano ya mali kwa mali. Hapo madai yako yatazungushwa kwa hoja ambazo hati ya shilingi ingalizikata mara moja.

Sasa mtazame seremala aliyeuza kitanda kwa shilingi 60,000 mapema Novemba 2022, akalipwa bitkoini za thamani hiyo. Mbao, rangi na ujira vilimgharimu shilingi 50,000. Faida yake ilikuwa 10,000. Akaziweka sarafu zile akingoja zipande. Siku chache baadaye soko kubwa la sarafu hizo, FTX, likaporomoka, na bitkoini ikashuka kutoka kama dola 20,000 hadi kama dola 16,000. Ikapungua sehemu moja katika tano. Malipo yake yakawa shilingi 48,000, na faida ikageuka kuwa hasara ya 2,000. Mwuza mbao alitaka shilingi, mwenye nyumba alitaka shilingi, na kodi ya serikali nayo hulipwa kwa shilingi. Kitanda kilikuwa kimekwenda zake.

Hatari nyingine hukaa katika simu ya mteja. Yeye huonyesha kioo na kusema, "Tazama, nimekwisha tuma." Lakini malipo ya bitkoini huthibitika yanapoandikwa katika daftari la pamoja, na ukurasa mmoja wa daftari hilo huchukua kama dakika 10. Kabla ya hapo mteja mwenye hila aweza kutuma sarafu zile zile kwingine kwa ada kubwa zaidi, na malipo yako yakafutika. Kwa mali ya thamani kubwa, desturi ni kungoja kurasa sita, kama saa nzima. Na ukimpa mteja anwani yenye makosa, hakuna benki ya kuyarudisha malipo.

Mpinzani wangu atasema kwamba mteja aliye ng'ambo hutuma sarafu hizi upesi, hata siku benki zimefungwa. Kweli, wala sikatai. Basi, mwenye kutaka kuzipokea na aandike bei kwa shilingi katika hati, angoje uthibitisho kabla ya kutoa mzigo, azibadilishe siku ile ile kwa mwenye leseni, na aandike daftarini kiasi alichopata. Asiyefanya hivyo amekuwa mcheza kamari aliyefungua duka, na anachocheza nacho ni mbao alizokopa na ujira wa vijana wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.