"Imekula Kwake": Nani Kasema?

"Akichelewa awamu moja tu, imekula kwake." Maneno hayo aliyatoa dalali wa viwanja kwenye kijiwe cha kahawa Buguruni Sheli, na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali kana kwamba wamesomewa Katiba. Hakuna aliyemuuliza imeandikwa wapi. Buguruni imejaa wapangaji waliochoka kugombania choo cha uani, wanaotafuta kiwanja Chanika au Msongola na hawana fedha za kulipa kwa mkupuo. Hao ndio wanaomezeshwa imani kwamba mnunuzi akikwama, muuzaji anabaki na kiwanja na fedha zote.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mkataba ukitaja kiasi au adhabu ya kuvunja masharti, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi kilichoandikwa ni dari tu. Chini ya dari hiyo, muuzaji anapewa kinacholingana na haki, si kila alichokwisha kutia mfukoni.

Chukua mkataba wa aina inayoandikwa kila wiki. Kiwanja cha miguu 20 kwa 20 kinauzwa shilingi 6,000,000. Kishika uchumba ni 600,000, na 5,400,000 zinazobaki zitalipwa kwa awamu 12 za 450,000. Mnunuzi, mama muuza mboga sokoni, analipa awamu tisa, kisha mtoto anaugua na miezi miwili inapita bila malipo. Mpaka hapo ameshatoa 4,650,000. Muuzaji anampa kiwanja mtu mwingine kwa 7,000,000 na kumwambia mama imekula kwake. Jumla amekusanya 11,650,000 kwa kiwanja cha milioni sita. Hasara yake iko wapi? Labda udalali wa mara ya pili na nauli za kwenda na kurudi Chanika. Hivyo vinahesabika, na vikishakatwa, mama bado anadai mamilioni.

Sheria yetu ilichotwa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na huko jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Katika kesi ya Fateh Chand na Balkishan Das, iliyoamuliwa mwaka 1963, muuzaji alitaka kubaki na rupia 25,000 alizolipwa. Mahakama ilimwachia kishika uchumba cha rupia 1,000. Zile 24,000 nyingine, ilikataa kwamba zinapotea zenyewe kwa kuwa tu mkataba umesema hivyo. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Dar es Salaam, lakini umejengwa juu ya kifungu ambacho kimsingi ndicho hiki chetu.

Madalali wana jibu: fedha zikirudishwa, wanunuzi watawachezea wauzaji. Masikini wauzaji! Mwenye milioni 11 na laki sita mkononi ndiye anayechezewa, na muuza mchicha ndiye tapeli.

Kinachowaangusha wanunuzi ni karatasi. Risiti nyingi za mitaani zimeandikwa "nimepokea laki nne na nusu" na saini isiyosomeka. Risiti ya maana inataja tarehe, mkataba gani, awamu ya ngapi na salio. Anayelipa kwa simu aandike kwamba ni awamu ya tano ya kiwanja, maana kama muuzaji anamdai deni jingine na mlipaji hakusema analipa lipi, sheria inamruhusu mdai kuchagua deni la kulipunguza.

Tarehe nazo zina hesabu yake. Chini ya kifungu cha 55, muuzaji anayepokea awamu iliyochelewa bila kusema wakati huohuo kwamba atadai fidia, hawezi kufufua ucheleweshaji huo baadaye. Kwa hiyo risiti yenye tarehe halisi, hata ya aibu, inamlinda mlipaji kuliko ile iliyorudishwa nyuma ili ionekane alilipa kwa wakati.

Badala yake, watu wanahangaikia muhuri wa serikali ya mtaa. Wanatoa asilimia kumi ya bei ili mwenyekiti agonge muhuri kwenye mkataba ambao hakuna aliyeusoma, na hakuna anayeuliza fedha hiyo inaingia kwenye kitabu gani.

Kipengele cha haki hakihitaji hata nusu ukurasa. Mnunuzi akipitisha siku 30 baada ya tarehe ya awamu, muuzaji ampe notisi ya maandishi ya siku 30 nyingine. Akishindwa, mkataba uvunjike, muuzaji abaki na kishika uchumba, na awamu zilizolipwa zirudishwe ndani ya siku 90. Kiwanja kisiuzwe kwa mwingine kabla notisi haijaisha. Dalali wa Buguruni Sheli alipoonyeshwa rasimu ya namna hiyo, alisema mkataba huo hauuziki.