Tuandike Wosia wa Shamba Gani?

Wameshatufundisha kufuga kuku, wameshatufundisha kunawa mikono, sasa wametufikia na wosia. Wakili amekuja kwenye chama chetu cha wajane, akapewa kiti cha mbele na soda baridi, akatuambia kwamba akina mama wa Migori na Homa Bay tunanyang'anywa mashamba kwa sababu hatuandiki. Tukaitikia. Sisi ni watu wa kuitikia. Kisha mwenzetu mmoja wa Ndhiwa akanyoosha mkono: wakili, nikiandika kwamba shamba apewe mwanangu, na hati ya shamba hilo ina jina la baba mkwe aliyekufa zamani, hapo nitakuwa nimeandika nini? Wakili akanywa soda yake.

Maana hapo ndipo tulipo wengi wetu, kuanzia Rongo hadi Mbita, kuanzia Awendo hadi Oyugis. Shamba lilipimwa, likasajiliwa kwa jina la mzee. Mzee akafa. Wanawe wakaonyeshana mipaka kwa mdomo, huku mstari wa mkonge, kule mti wa mwembe. Mume wako akajenga, akaoa, akapanda miwa, akafa naye. Chifu anajua sehemu ni yako, majirani wanajua, hata ng'ombe wa shemeji wanajua ndiyo maana hawavuki ila usiku. Asiyejua ni rejista ya ardhi peke yake, na korti huiuliza rejista.

Wosia hugawa kilicho chako, basi. Kwa hiyo kabla ya kuandika huo wosia tunaohimizwa, mjane wa hapa kwetu ana mirathi mbili za kumaliza, ya baba mkwe na ya mume, zile kesi ambazo kila mtu sokoni huziita saksesheni.

Chukua mfano wa kawaida. Mzee aliacha ekari kumi, wana watatu na mabinti wawili walioolewa. Mume wako alikuwa mwana wa kati. Mashinani ndugu watatu waligawana ekari kumi zote, kila mmoja tatu na ushee. Sheria ya Mirathi, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haigawi hivyo. Inahesabu watoto wote, na binti aliyeolewa ni mtoto. Watoto ni watano, kila mmoja ekari mbili. Wakili alipolisema hili tukaguna kwa pamoja, kwamba sasa na mawifi nao waje kutupunguzia. Halafu tukanyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu ni binti wa boma fulani, na hakuna aliyewahi kwenda kwao kudai hata mita moja.

Sasa nenda korti ukaombe zile ekari mbili. Korti itakuuliza wewe ni nani kwa marehemu mzee. Mkwe. Mkwe si mrithi wa baba mkwe. Lazima kwanza upewe barua ya usimamizi wa mali ya mumeo, ndipo usimame mahali pake kwenye mirathi ya babake. Vizuri, unaomba ya mume. Karani anauliza mali ya mume ni ipi. Ni shamba. Liko kwa jina la nani? La mzee. Basi malizeni ya mzee kwanza. Njia ya kutoka humo ipo, nayo ni kuomba barua ya kazi hiyo moja tu, ya kumwakilisha mumeo ndani ya mirathi ya babake, lakini ukitaka kuijua inabidi uwe umekutana na mtu wa kukuambia. Wengi wetu tulikutana na nauli ya kurudi nyumbani.

Na inategemea nani alitangulia kufa. Kama mzee alikufa kwanza na mumeo akafuata, fungu lilishakuwa la mumeo, nawe unaingia kupitia kwake. Kama mumeo ndiye aliyetangulia, fungu lake linaruka, linawaangukia watoto wake moja kwa moja. Wewe unaingia kama mlezi wao. Ndiyo maana wanadai vyeti vyote viwili vya kifo. Cha mume tunacho, kwa sababu hospitali ilitoa karatasi. Cha mzee hakuna, kwa sababu alifia nyumbani, akazikwa nyumbani, na naibu wa chifu wa wakati huo hakuandikisha, naye ameshakufa. Kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita huhitaji idhini ya msajili, na viapo, na barua nyingine ya chifu. Tunamthibitishia mkubwa wa serikali kwamba mtu ambaye kaburi lake lina saruji amekufa.

Ukishavuka hapo kuna barua ya chifu ya kuwataja warithi wote, kuna sachi ya ardhi, kuna fomu za maombi, kuna ridhaa ya wale mlio nao daraja moja. Ridhaa hiyo inatiwa sahihi na nani? Na shemeji. Yule yule. Akikataa, kazi haijafa: korti humtumia wito aje aombe usimamizi yeye au aeleze sababu ya kukataa, na akikaa kimya shauri linaendelea bila yeye. Hatukuambiwa hivyo miaka yote. Tuliambiwa tumbembeleze.

Halafu tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi. Halafu barua ya usimamizi. Halafu kwa kawaida miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Halafu ofisi ya ardhi. Na kama watoto ni wadogo, msimamizi hawezi kuwa mmoja, sheria inataka wawili, ili mmoja amlinde mtoto dhidi ya mwenzake. Ukoo ukiulizwa wa pili awe nani, unajibu bila kufikiri. Shemeji.

Wakati wewe unapanga foleni, kule nyumbani miwa inakatwa, ng'ombe wa marehemu wanauzwa. Kuna kifungu cha 45, kinachosema anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ametenda kosa. Tulishangilia. Tukauliza adhabu. Faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ng'ombe mmoja hapa anazidi hizo elfu kumi, na aliyeuza aliuza wanne.

Lakini kilichotunyamazisha kabisa ni hiki. Tuseme umeshinda yote, ya mzee imekwisha, ya mume imekwisha, na mumeo hakuacha wosia. Vyombo vya nyumbani ni vyako moja kwa moja. Shamba hapana. Shamba unapata haki ya kulitumia maisha yako yote, na siku ukiondoka linagawanywa kwa watoto. Huwezi kuliuza bila ridhaa ya korti, wala huwezi kuliandika kwenye wosia wako. Yaani lile shamba ambalo tumegombewa, tumetukaniwa, tumefungiwa njia ya kisimani, ndilo kitu kimoja ambacho wosia wa mjane haukigusi.

Basi wosia wa nini? Wa vile ulivyovipata mwenyewe, na hapa wakili alikuwa sahihi, tumpe haki yake. Ploti uliyonunua senta ukiwa mjane. Mashua na nyavu zako kule Sindo. Ng'ombe wa pesa za omena. Hivyo ukivikalia kimya, ukoo utavihesabu pamoja na vya marehemu, na hakutakuwa na wa kuwabishia. Viandike kwa namna ambayo mgeni anaweza kuvipata: ploti kwa namba yake na risiti ya mauziano, mashua kwa usajili wake, akaunti kwa jina la benki na tawi. Kuandika “mali yangu yote” ni kuwaachia kazi ya kutafuta wale wale waliokuwa wakitafuta.

Sahihi ndiyo inayoua wosia mwingi. Unatia sahihi, au dole gumba kama hukusoma, mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja lazima awe amekuona ukitia, au umemthibitishia mwenyewe kwamba sahihi ni yako. Hawahitaji kujua ndani mna nini. Lakini shahidi asiwe mtu unayempa kitu. Ukimwandikia mwanao mkubwa ng'ombe kisha ukamwita awe shahidi, ile zawadi yake inabatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiofaidi. Sisi hapa mashahidi wetu wa kwanza kabisa ni watoto wetu. Tungewanyima wote kwa mapenzi. Anayeachiwa kazi ya kutekeleza wosia anaweza kuwa mrithi, hilo halina shida.

Na ule wa mdomo, anaoutoa nyanya kitandani huku boma zima limekusanyika? Unakubalika ukiwa na mashahidi wawili, kwa sharti kwamba afariki ndani ya miezi mitatu. Nyanya akipona, akanywa uji, akaishi miaka mitano, maneno yake ya kitandani hayana kazi tena. Tulipolisikia hili kuna waliomhesabia mama mkwe miezi vidoleni.

Wakili akatukemea kidogo kwamba ni ujinga kutoandika. Mama mmoja mtu mzima akamkumbusha taratibu habari za S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui Otieno, akavutana na ukoo wa Umira Kager kortini hadi Mei 1987, na mwili ukaishia kuzikwa Nyalgunga, Siaya, alikotaka ukoo. Naye alikuwa wakili, mwanangu, alisema yule mama. Basi sote tukaonekana wa kawaida.

Wazee hatuwasemi vibaya wote. Shirika la KELIN limefanya kazi na wazee wa jadi Homa Bay na Kisumu hadi wajane waliofukuzwa wakarudishwa bomani, na hilo ni haraka kuliko korti. Ila wazee wanakurudishia shamba, hawakurudishii jina. Uamuzi wao usipoandikwa na kutiwa sahihi na shemeji huyo huyo, kisha ukaingizwa kwenye faili la mirathi, unadumu maadamu wale wazee wako hai.

Kuna jambo moja halihitaji korti. Fomu ya chama cha akiba na mikopo ina nafasi ya kutaja wa kulipwa ukifa, na fedha hizo humfuata aliyetajwa bila kupitia mirathi. Waume wetu wengi waliijaza kabla ya kuoa, wakataja kaka. Kaka akalipwa, kihalali. Sisi nasi tuliijaza waume wakiwa hai, tukawataja wao, na hatujabadilisha. Fedha zetu zinamngoja marehemu.

Kwa hiyo, akina mama, badilisheni hiyo fomu wiki hii. Na aliye na mama mkwe bado yu hai amwombe ile hati ya shamba iliyo sandukuni, anakili namba ya shamba ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa sababu bila namba hiyo ofisi ya ardhi haifanyi sachi.